Hisa za kawaida na hisa za upendeleo: jinsi ya kupiga hesabu ya gawio lako na kura zako kabla hujanunua

Makosa yanayojirudia kwa wanunuzi wa hisa ni yale yale matatu. Wa kwanza huchukua gawio lote lililotangazwa, akaligawa kwa idadi ya hisa zote za kampuni, kisha akashangaa alicholipwa hakifanani na hesabu yake. Wa pili husoma neno "upendeleo" akaamini kwamba gawio limehakikishwa kila mwaka. Wa tatu hufika kwenye mkutano mkuu na cheti cha hisa za upendeleo mkononi, akaambiwa akae asikilize kwa sababu hana kura.

Wote watatu wamekosea mahali pamoja: hawakusoma masharti ya hisa zenyewe. Mwongozo huu unakupitisha kwenye masharti hayo hatua kwa hatua, na hesabu ya mfano mmoja unaoendelea tangu mwanzo hadi mwisho. Tarakimu za mfano sijaziwekea jina la fedha, kwa sababu hesabu ni ile ile popote ulipo.

## Unachohitaji mezani

- Katiba ya kampuni, toleo la sasa, pamoja na azimio lililoanzisha hisa za upendeleo kama masharti yake yamewekwa humo. Ikiwa hisa ziliuzwa kwa umma, waraka wa toleo pia.
- Taarifa za fedha zilizokaguliwa za miaka mitatu ya karibuni, pamoja na maelezo ya nyuma. Muhtasari wa kurasa mbili unaotolewa magazetini hautoshi.
- Karatasi, kalamu na kikokotoo.

Usianze na bei ya hisa. Bei itakuja baadaye, na ikitangulia inavuruga akili.

## Hatua ya 1: Tafuta kifungu cha haki za hisa, ukisome neno kwa neno

Ndani ya katiba tafuta sehemu inayoeleza mtaji na madaraja ya hisa. Kifungu cha gawio la hisa za upendeleo kwa kawaida kinakuwa na sura kama hii:

> Wenye hisa za upendeleo watakuwa na haki ya kulipwa, kutoka katika faida inayoweza kugawanywa, gawio maalumu limbikizi la asilimia 8 kwa mwaka ya mtaji uliolipwa kwa hisa hizo, kabla ya gawio lolote kulipwa kwa hisa za kawaida.

Kila kipande cha sentensi hii kina kazi yake.

"Kutoka katika faida inayoweza kugawanywa" maana yake kampuni isipokuwa na faida ya kugawa, hakuna malipo. Hapa ndipo hisa ya upendeleo inapoachana na mkopo. Anayeidai kampuni riba anaweza kwenda mahakamani riba isipolipwa. Mwenye hisa ya upendeleo hadai chochote mpaka gawio litangazwe rasmi. Hata faida ikiwepo, bodi bado inaweza kuamua kutotangaza gawio.

"Maalumu" maana yake kiwango kimefungwa. Kampuni ikivuna faida mara kumi, wewe unabaki na asilimia yako 8.

"Limbikizi" ni neno la kupigia mstari. Likiwepo, gawio lisilolipwa mwaka huu linabaki kama malimbikizo, na lazima lifutwe kwanza kabla wenye hisa za kawaida hawajapata hata senti. Lisipokuwepo, soma mbele na nyuma mpaka uone katiba inasemaje. Hatua ya 3 inaeleza sababu.

"Ya mtaji uliolipwa" inakuambia asilimia 8 ya nini. Si ya bei ya sokoni, wala si ya faida ya kampuni.

"Kabla ya gawio lolote kulipwa kwa hisa za kawaida" ndio upendeleo wenyewe. Ni haki ya kutangulia kwenye foleni. Kuwa wa kwanza kwenye foleni hakusemi kama dukani kuna mzigo.

Onyo: jina la hisa halitoshi kukuambia haki zake. Zipo "hisa za upendeleo" zenye kura kamili, na zipo "hisa za kawaida daraja B" zisizo na kura hata moja. Kifungu ndicho kinachokufunga wewe na kampuni.

Umefanikiwa katika hatua hii ukiweza kuandika kwenye karatasi yako mambo manne: kiwango, kiwango hicho ni cha kiasi gani, limbikizi au la, na nani anatangulia.

## Hatua ya 2: Geuza asilimia kuwa kiasi kwa kila hisa

Huu ndio mfano tutakaoubeba mpaka mwisho. Kampuni ina hisa za kawaida 400,000 na hisa za upendeleo 100,000. Kila hisa, ya kawaida au ya upendeleo, ina thamani iliyoandikwa ya 100 na imelipwa yote. Masharti ya hisa za upendeleo ni kifungu tulichokisoma hapo juu.

Gawio la upendeleo kwa mwaka ni asilimia 8 ya 100, yaani 8 kwa kila hisa. Kwa daraja zima ni 8 mara 100,000, yaani 800,000. Andika namba hizi mbili, 8 na 800,000, kwa sababu kila hesabu inayofuata inaanzia hapo.

Sasa lete bei ya soko. Tuseme hisa ya upendeleo inauzwa 80. Gawio haligeuki kuwa asilimia 8 ya 80. Linabaki 8, na kwa kuwa umelipa 80, fedha yako inakuzalia asilimia 10 kwa mwaka gawio likilipwa. Ukiinunua kwa 125, 8 ile ile ni asilimia 6.4 tu ya fedha yako. Anayesahau hili hununua kwa bei ya juu akidhani bado amefunga asilimia 8.

Kuhusu hisa ya kawaida, hakuna cha kupiga hesabu mapema. Haina kiwango. Inapata kinachobaki, na kinachobaki kinaweza kuwa sifuri au kinaweza kuwa kikubwa. Tuseme katika mwaka mzuri, usio na malimbikizo, kampuni inatangaza gawio la jumla la 10,000,000. Ukitoa 800,000 zinabaki 9,200,000. Gawa kwa 400,000, kila hisa ya kawaida inapata 23. Ya upendeleo inapata 8. Ndiyo bei ya kutangulia: unalipwa kwanza, lakini mlango unafungwa nyuma yako.

## Hatua ya 3: Hakikisha kama gawio ni limbikizi, kisha tafuta malimbikizo yaliyopo

Hii ndiyo hatua inayopoteza fedha nyingi kuliko zote, kwa hiyo isome taratibu.

Gawio lisilo limbikizi likipitwa, limekwenda. Mahakama ya Juu ya Marekani iliwahi kulikata suala hili mwaka 1930 katika kesi ya kampuni ya reli ya Wabash. Kampuni ilikuwa na hisa za upendeleo za asilimia 5 zisizo limbikizi. Kwa miaka kadhaa ilipata faida lakini ikaitumia kuboresha reli badala ya kulipa gawio. Baadaye ilipotaka kuwalipa wenye hisa za chini yao, wenye hisa za upendeleo walidai walipwe kwanza ile miaka iliyopita, kwa kuwa faida ilikuwepo. Mahakama iliwakatalia: mwaka ukiisha na gawio halijatangazwa, na faida imetumika kihalali ndani ya kampuni, dai la mwaka ule limekwisha.

Kwa gawio limbikizi mambo ni kinyume. Mwaka unaopita bila malipo unaongezwa kwenye foleni, na foleni inazidi kurefuka mpaka ilipwe. Kwa kawaida malimbikizo yenyewe hayazai riba, isipokuwa katiba iseme yanazaa.

Hisa za upendeleo za benki mara nyingi si limbikizi, kwa sababu kanuni za kimataifa za mtaji wa benki zinataka benki iwe huru kufuta gawio bila kubaki na deni. Ukiona hisa ya upendeleo ya benki yenye kiwango cha kuvutia, anzia kwenye swali hili.

Malimbikizo yaliyopo utayaonaje? Watu wengi hufungua mizania, wakatazama upande wa madeni, wasione kitu, wakaridhika. Lakini gawio lisilotangazwa si deni bado, kwa hiyo haliandikwi kwenye mizania. Viwango vya kimataifa vya uhasibu vinaitaka kampuni itaje kiasi cha gawio la upendeleo limbikizi ambacho hakijaingizwa vitabuni, na mahali pa kukitaja ni kwenye maelezo ya nyuma ya taarifa za fedha. Fungua maelezo ya mtaji wa hisa na maelezo ya gawio, usome mpaka mwisho.

Na kama huzioni kabisa hisa za upendeleo kwenye upande wa mtaji, zitafute kwenye mikopo. Hisa za upendeleo ambazo kampuni inalazimika kuzinunua tena tarehe fulani huhesabiwa kihasibu kama deni, na gawio lake huweza kuonekana kwenye taarifa ya mapato kama gharama ya riba.

Katika mfano wetu, kampuni haikulipa gawio mwaka wa 1 wala mwaka wa 2. Malimbikizo ni 8 mara miaka 2, yaani 16 kwa kila hisa ya upendeleo, na 1,600,000 kwa daraja zima.

Umefanikiwa ukipata namba hii kutoka kwenye maelezo ya kampuni, na ikafanana na hesabu yako ya kiwango mara miaka isiyolipwa. Zikitofautiana, usinunue kabla hujajua kwa nini. Pengine mwaka mmoja ulilipwa nusu.

## Hatua ya 4: Gawa gawio lililotangazwa kwa mpangilio wa foleni

Mwaka wa 3 kampuni inaamka na kutangaza gawio la jumla la 3,600,000. Fuata mpangilio huu bila kuruka.

1. Futa malimbikizo: 1,600,000. Zimebaki 2,000,000.
2. Lipa gawio la upendeleo la mwaka wa sasa: 800,000. Zimebaki 1,200,000.
3. Kilichobaki gawa kwa hisa za kawaida: 1,200,000 kwa 400,000 ni 3 kwa kila hisa.

Mwenye hisa 1,000 za upendeleo anapokea 24,000. Mwenye hisa 1,000 za kawaida anapokea 3,000. Yule aliyegawa 3,600,000 kwa hisa zote 500,000 alitarajia 7.2 kwa kila hisa. Namba hiyo haimhusu mtu yeyote ndani ya kampuni hii.

Sasa badilisha neno moja tu kwenye katiba, gawio lisiwe limbikizi. Upendeleo unapata 800,000 za mwaka huu, na 2,800,000 zinakwenda kwa hisa za kawaida, yaani 7 kwa kila hisa. Neno moja limewahamisha wenye hisa za kawaida kutoka 3 hadi 7, na wenye hisa za upendeleo kutoka 24 hadi 8.

Jaribu pia mwaka mwembamba. Bodi ikitangaza 2,000,000 tu, zote zinakwenda kwenye upendeleo: 20 kwa kila hisa. Malimbikizo ya 4 kwa kila hisa yanabaki kwenye foleni kuingia mwaka wa 4, na wenye hisa za kawaida wanarudi nyumbani mikono mitupu hata kama kampuni imepata faida.

Onyo kwa muuzaji na mnunuzi: malimbikizo yanaifuata hisa, hayamfuati mtu. Yanalipwa kwa aliyeandikwa kwenye daftari la wanahisa siku ya kufunga daftari kwa ajili ya gawio hilo. Aliyevumilia miaka miwili mikavu kisha akauza hisa zake kwa 80 wiki moja kabla ya daftari kufungwa, amempa mnunuzi 24 kwa kila hisa. Ukitaka kuuza, pata kwanza tarehe hiyo na uhakikishe bei yako ina malimbikizo ndani yake. Ukitaka kununua, kumbuka kwamba biashara ya hisa huchukua siku kadhaa kukamilika, na kununua siku ya mwisho yenyewe kunaweza kukuacha nje ya daftari.

## Hatua ya 5: Uliza kama hisa ya upendeleo inashiriki kinachobaki

Hatua hii ni fupi. Baadhi ya katiba zinaruhusu hisa za upendeleo, baada ya kulipwa kiwango chake, kurudi kwenye foleni na kugawana ziada na hisa za kawaida. Hizi huitwa hisa za upendeleo shirikishi. Kifungu kisiposema hivyo, chukulia kwamba hazishiriki.

Njia nyingine ya kushirikisha ni nyongeza ndogo juu ya gawio la kawaida. Hisa za upendeleo za Volkswagen, ambazo kwa kawaida hazina kura, hupata senti 6 za yuro zaidi ya hisa ya kawaida. Kwa mwaka wa fedha wa 2023 hisa ya kawaida ililipwa yuro 9.00 na ya upendeleo yuro 9.06. Hapo mwenye upendeleo hakufungiwa mlango hata kidogo: alibadilisha kura yake kwa nyongeza ya senti 6.

## Hatua ya 6: Hesabu kura, katika nyakati za kawaida na nyakati za malimbikizo

Chukua karatasi ya pili. Utahitaji hesabu tatu tofauti.

Kura za siku zote. Kwa kawaida hisa moja ya kawaida ni kura moja: kuchagua wakurugenzi, kuteua mkaguzi, kubadilisha katiba. Hisa ya upendeleo huwa haina kura katika mambo hayo. Katika mfano wetu kura ni 400,000, si 500,000. Mwenye hisa za kawaida 200,001 anapitisha peke yake azimio lolote la wingi wa kawaida, ingawa ameweka asilimia 40 tu ya mtaji wote wa kampuni. Ukiwa na hisa za upendeleo, tafuta mtu huyo ni nani kabla hujanunua. Ndiye atakayewaweka wakurugenzi wanaoamua kama gawio lako litangazwe.

Kura zinazoamka. Masharti mengi yanasema gawio la upendeleo likikaa bila kulipwa kwa muda fulani, wenye hisa hizo wanapata kura mpaka walipwe. Muda unatofautiana sana. Sheria ya makampuni ya India ya 2013 inaweka miaka miwili, na kura inakuwa kwenye maazimio yote. Brazili inaiachia katiba ya kampuni ipange muda, lakini usizidi miaka mitatu ya fedha mfululizo. Ujerumani, kwa hisa limbikizi, kura inaamka gawio la mwaka mmoja likipitwa na lisifidiwe mwaka unaofuata pamoja na gawio la mwaka huo. Soko la hisa la New York linataka hisa za upendeleo zinazoorodheshwa ziwe na haki ya kuchagua wakurugenzi wasiopungua wawili pale malipo sita ya robo mwaka yanapokosekana. Wawili tu, si bodi nzima.

Kwa hiyo kwenye kifungu cha kura angalia vitu vitatu: muda gani, kura katika mambo gani, na inalala lini tena. Katika mfano wetu tuseme katiba inasema miaka miwili, kura moja kwa hisa, katika mambo yote, mpaka malimbikizo yaishe.

Mwanzoni mwa mwaka wa 3, basi, kura zote ni 500,000. Yule wa 200,001 sasa anahitaji 250,001 ili apite peke yake. Amepungukiwa 50,000, na lazima aongee na watu. Hii ndiyo sababu kampuni zenye mwanahisa mkubwa mara nyingi hulipa malimbikizo muda mfupi kabla ya kura kuamka. Ukiona bodi iliyokaa kimya muda mrefu inatangaza ghafla gawio la upendeleo peke yake, hesabu miezi, mara nyingi utaona muda ulikuwa unakaribia.

Kura ya daraja. Hata hisa isiyo na kura siku zote, kwa kawaida ina kura pale kampuni inapotaka kubadilisha haki zake yenyewe: kupunguza kiwango, kufuta malimbikizo, kuweka daraja jipya mbele yake. Katika nchi zinazofuata mfumo wa Uingereza kiwango cha kawaida ni robo tatu, inayopigwa na daraja hilo peke yake. Katiba inaweza kuweka utaratibu mwingine, kwa hiyo usikisie.

Kinachoharibika mkutanoni: upigaji wa kunyanyua mikono. Katika mfumo huohuo wa Uingereza, mikono ikinyanyuliwa kila mtu huhesabiwa mmoja, mwenye hisa 10 sawa na mwenye hisa 100,000. Kura kwa hesabu ya hisa inapigwa mwenyekiti akiagiza au wanahisa wakiidai. Katiba itakuambia wanatakiwa wangapi kuidai. Kama huwezi kuhudhuria, jaza fomu ya uwakilishi na uifikishe kwa wakati. Mara nyingi mwisho ni saa 48 kabla ya mkutano, na fomu iliyochelewa haihesabiwi hata ikiwa imesainiwa vizuri.

Umefanikiwa ukiwa na namba tatu kwenye karatasi: kura zako leo, kura zako malimbikizo yakifikia muda, na asilimia yako ndani ya daraja lako.

## Hatua ya 7: Ukiletewa pendekezo la kubadilisha malimbikizo kwa hisa, lipige hesabu pande zote mbili

Kampuni yenye malimbikizo mengi hupenda kuja na pendekezo hili: "Tusameheni malimbikizo, tuwape hisa za kawaida." Barua huja na maneno matamu kuhusu mustakabali wa kampuni. Usibishane na maneno, bisha kwa namba.

Turudi mwanzoni mwa mwaka wa 3. Malimbikizo ni 16 kwa kila hisa ya upendeleo. Kampuni inapendekeza kuyafuta yote, na kila hisa moja ya upendeleo ipewe hisa moja mpya ya kawaida. Gawio linalotarajiwa mwaka huo ni lile lile la 3,600,000.

Daraja likikataa, mwenye hisa 1,000 za upendeleo anapata 24,000, kama tulivyoona.

Daraja likikubali, hisa za kawaida zinakuwa 500,000. Upendeleo unalipwa 800,000 za mwaka huo, na 2,800,000 zinagawanywa kwa hisa za kawaida 500,000, yaani 5.6 kila moja. Mwenye hisa 1,000 za upendeleo anapata 8,000, na kwa hisa zake mpya 1,000 za kawaida anapata 5,600. Jumla 13,600, pamoja na hisa zenyewe.

Tofauti ni 10,400. Kwa hiyo pendekezo lina faida kwake ikiwa tu kila hisa mpya ya kawaida, baada ya gawio la mwaka huo kulipwa, ina thamani inayozidi 10.40. Hilo ndilo swali la kumuuliza anayekushawishi, na jibu lake litoke kwenye bei ambayo hisa zinauzwa kweli. Hisa ikiwa haiuzwi sokoni, mtake aonyeshe imethaminiwa vipi.

Mwenye hisa za kawaida naye ana hesabu yake. Akikubali, gawio lake linapanda kutoka 3 hadi 5.6 mwaka huo, lakini kuanzia hapo anagawana ziada na hisa mpya 100,000. Aliyekuwa na ziada yote ya kampuni pamoja na wenzake sasa wana asilimia 80 yake, kila mwaka.

Kuna mambo mawili ambayo barua ya pendekezo kwa kawaida haiyatilii mkazo. Kwanza, malimbikizo yakifutwa, kura iliyoamka inalala. Wenye hisa za upendeleo walikuwa na kura 100,000 kati ya 500,000. Sasa wanazo kura 100,000 za hisa mpya za kawaida kati ya 500,000, ambazo hazitalala tena, lakini yeyote atakayeziuza ameuza na kura yake. Pili, angalia ni nani anapiga kura ndani ya daraja. Mwenye hisa nyingi za kawaida anaweza kuwa amenunua hisa za upendeleo kwa bei ya chini wakati wa malimbikizo, na akizipigia kura anatazama faida ya upande wake mwingine. Omba kuona daftari la wanahisa wa daraja lako kabla ya siku ya mkutano. Ikiwa robo tatu ya kura zilizopigwa ndiyo inayotakiwa, kura zinazozidi robo moja zinatosha kulizuia pendekezo: kura 100,000 zote zikipigwa, hizo ni kura 25,001. Wakipiga 60,000 tu, 15,001 zinatosha.